Spika za masikioni zinazozima na kuwasha muziki zenyewe: uzoefu wangu

Spika hizi hazina waya, zina ncha za silikoni na kasha la kuchajia lenye kifuniko cha kufungua kwa juu. Sauti ni nzuri, besi haivumi kupita kiasi, na chaji inatosha siku ya kazi. Nyota mbili nilizozikata zote ni kwa sababu moja: muziki unasimama spika zikiwa bado masikioni, na mara nyingine unaanza kucheza spika zikiwa mfukoni. Sitaji kampuni, maana teknolojia iliyomo ndani ni ileile utakayoikuta kwenye spika nyingi za bei ya kati.

Spika hizi zina kihisi cha sikio, kinachotambua zikivaliwa au zikivuliwa ili kuwasha au kusimamisha muziki. Kabla ya kukilaumu, hakikisha kwanza muziki umesimamishwa kweli. Ukikatika, tazama skrini ya simu hapohapo. Kama dakika za wimbo zinaendelea kuhesabu na sauti haisikiki, hilo ni tatizo la mawimbi ya Bluetooth, na kusafisha spika hakutakusaidia. Kama dakika zimeganda na alama ya kucheza imerudi, basi simu imepokea amri ya kusimama, na amri hiyo imetoka mahali fulani. Inaweza kuwa umegusa spika bila kukusudia ukipanga nywele au mtandio. Inaweza kuwa kompyuta yako, ikiwa spika zimeunganishwa na vifaa viwili kwa wakati mmoja. Zima Bluetooth ya kompyuta, zima amri za kugusa kwenye programu ya spika, kisha sikiliza tena. Tatizo likibaki, mshukiwa ni kihisi cha sikio.

Kwenye spika zangu kihisi hicho kinaonekana kama kidirisha kidogo cheusi, kinachong'aa, upande unaolala ndani ya sikio. Usikichanganye na tundu la maikrofoni, ambalo lina wavu. Nyuma ya kidirisha kuna taa ndogo inayotoa mwanga wa infraredi na kipokezi kinachopima kiasi kinachorudi. Spika ikiwa sikioni, ngozi iko karibu sana na mwanga mwingi unarudi. Ikitoka, mwanga unapotelea hewani. Kihisi hakijui sikio ni nini. Kinajua tu kama kuna kitu karibu. Ndiyo maana ukiiweka spika mezani kidirisha kikitazama chini, au ukiitia mfukoni ikagusa kitambaa, inaamini iko sikioni na muziki unaendelea. Apple ilipotoa AirPods za kizazi cha tatu mwaka 2021 iliweka kihisi cha kutambua ngozi, kwa lengo hasa la kutofautisha sikio na mfuko au meza. Zangu hazina kitu hicho, na nyingi za bei hii hazina.

Kuna wanaosema ngozi nyeusi ndiyo inayomeza mwanga na kuchanganya kihisi. Kwa infraredi hilo halina uzito: melanini humeza mwanga unaoonekana kuliko inavyomeza infraredi, na kadiri mawimbi ya mwanga yanavyorefuka ndivyo tofauti kati ya ngozi nyeusi na nyeupe inavyopungua. Tafuta sababu kwenye umbali na uchafu.

Tuanze na umbali. Spika zinakuja na ncha za silikoni za saizi tatu, na watu wengi huacha ile ya kati iliyowekwa kiwandani. Ncha ikiwa kubwa kuliko tundu la sikio, spika haiingii hadi mwisho, na kidirisha kinabaki mbali na ngozi. Ikiwa ndogo, spika inazunguka taratibu taya linapocheza. Utaijua hali hii kwa namna muziki unavyokatika: ukitafuna, ukipiga mwayo au ukicheka. Kwenye jozi yangu upande wa kushoto ndio uliokuwa ukikatika wakati wa kula. Kubadilisha ncha ya upande huo peke yake, kutoka ya kati kwenda ndogo, na kuizungusha spika kidogo kuelekea nyuma ya kichwa hadi ikae, kulipunguza sana tatizo. Masikio mawili ya mtu mmoja si lazima yalingane, kwa hiyo usione ajabu kuvaa saizi mbili tofauti. Kava za silikoni zinazouzwa kuzuia spika zisidondoke nazo zina kasoro yake: nyingine hufunika kidirisha chote au nusu.

Uchafu una tabia mbili zinazopingana, na hapa ndipo wengi wanapotea. Nta ya sikio iliyoganda huziba kidirisha, mwanga haurudi, spika inadhani imevuliwa na muziki unasimama. Lakini mafuta mepesi, ya nazi au ya kupaka nywele, hufanya kinyume. Utando wake mwembamba hurudisha mwanga wa taa moja kwa moja kwenye kipokezi, na kihisi kinaona "kitu kiko karibu" muda wote. Hapo unaitoa spika sikioni na muziki hausimami. Kwa hiyo dalili yenyewe inakuambia utakuta nini kwenye kidirisha.

Kusafisha ni hivi. Vua ncha ya silikoni. Piga kidirisha na kingo zake kwa mswaki mkavu wenye nywele laini, spika ikiwa imetazama chini ili uchafu udondoke badala ya kuingia kwenye wavu. Lowesha kijiti cha pamba kwa spiriti ya dawa isiyo na rangi, kibane kisidondoshe, kisha futa kidirisha kwa mizunguko michache. Malizia kwa pamba kavu, maana spiriti nyingine huacha utando, na utando ndio tunaoukimbia. Subiri dakika kumi kabla ya kurudisha kwenye kasha. Usikwangue kwa sindano wala kucha. Mkwaruzo kwenye kidirisha hutawanya mwanga na huo hausafishiki.

Ukitaka kujua kama taa ya ndani inafanya kazi, tumia kamera ya mbele ya simu kwenye chumba chenye giza. Jaribu kwanza kwa rimoti ya televisheni: ikibonyezwa, je, kamera inaonyesha nukta nyeupe au ya zambarau? Kama inaonyesha, kamera hiyo inaona infraredi. Sasa toa spika zote mbili kwenye kasha na uelekeze vidirisha kwenye kamera. Kwangu zote mbili zilionyesha nukta hafifu inayopepesa. Upande mmoja ukiwa na nukta na mwingine hauna, na umeshasafisha, taa imekufa na hapo ni suala la waranti. Kama hakuna upande unaoonyesha kitu usihukumu bado, kwa sababu zipo spika zinazotumia kihisi cha mguso kinachopima badiliko la chaji ya umeme ngozi inapokaribia, na hizo hazitoi mwanga wowote. Hizo adui yao mkubwa ni jasho.

Jua kali nalo lina mchango. Mwanga wa jua una infraredi nyingi, na ukipenya pembeni mwa spika unaweza kukilemea kipokezi. Dalili yake ni muziki kusimama unapogeuza kichwa barabarani saa za mchana, na kutulia ukiingia kivulini. Kinga sikio kwa kiganja bila kugusa spika. Ukikoma kukatika, umepata jibu. Dawa ya hilo sijaipata zaidi ya kukaza ncha au kuzima kihisi.

Jambo moja la mantiki ya spika zenyewe: upande mmoja tu ukidhani umevuliwa, muziki unasimama pande zote. Kwa hiyo usizipime pamoja. Weka ya kulia kwenye kasha, funga kifuniko, sikiliza kwa ya kushoto peke yake huku ukitafuna na kugeuza kichwa. Kisha badilisha. Upande mbovu utajitaja.

Sasa kasha, ambalo lina ugonjwa wake tofauti. Ndani ya kifuniko kuna sumaku ndogo, na kwenye mwili wa kasha kuna kihisi cha Hall kinachoisoma. Sumaku ikikaribia, kasha linajua limefungwa na spika zinalala. Ikienda mbali, spika zinaamka na kujiunga na simu. Kifuniko kisipofika chini kabisa, spika hubaki macho zikiwa ndani. Utajua kwa mambo matatu: simu inaonyesha zimeunganishwa ilhali ziko kwenye kasha, mtu akipiga unapokea lakini husikii kitu kwa sababu sauti imeenda kwenye kasha, na asubuhi unakuta chaji imeshuka. Kwangu chanzo kilikuwa kava la silikoni la kasha lenye ukanda mnene kwenye bawaba. Lilikuwa linasukuma kifuniko na kuacha upenyo mwembamba usioonekana mpaka ulitazame kasha kwa pembeni dhidi ya mwanga. Nililivua kava, tatizo likaisha. Vumbi na nyuzi za mfukoni kwenye ukingo wa kifuniko hufanya vilevile.

Sumaku ya nje ni balaa kubwa zaidi. Pete ya sumaku nyuma ya kava la simu, pochi yenye kifungo cha sumaku, hata kishikio cha simu cha kwenye gari vinaweza kukidanganya kihisi. Sumaku hiyo ikikaa karibu na kasha lililofunguliwa, kasha linadhani limefungwa, na spika zilizomo hazijiungi. Ikikaa kwa upande unaopingana na sumaku ya kifuniko, inapunguza nguvu yake, na kasha lililofungwa linadhani limefunguliwa. Spika zinaamka ndani ya mkoba na kunyakua sauti ya simu. Ukiona muziki unahama wenyewe ukiwa safarini, tenganisha simu na kasha mifuko miwili tofauti kwa siku nzima kabla ya kufanya lolote jingine.

Kupima ni rahisi. Weka kasha, spika zako zote mbili zikiwa ndani, juu ya meza ya mbao, mbali na simu na spika nyingine. Fungua skrini ya Bluetooth kwenye simu. Inua kifuniko taratibu na utazame neno la kuunganishwa linatokea kikiwa wapi; kisha kishushe taratibu. Kasha zima hukata muunganisho kifuniko kikiwa kimebakiza kidogo kufunga, na hufanya hivyo mahali palepale kila mara. Likisubiri mpaka ubonyeze kwa kidole, sumaku imelegea kwenye gundi au bawaba imepinda. Usijaribu kuongeza sumaku yako kwa gundi: ukikosea upande wake utaharibu zaidi.

Ukichoka na vihisi, vizime. Kwenye iPhone, kwa AirPods, ingia Bluetooth, gusa alama ya taarifa mbele ya jina la spika, zima "Automatic Ear Detection". Kwenye spika za Android swichi huwa ndani ya programu ya kampuni, mara nyingi kwa jina "Wear detection" au "In-ear detection". Gharama yake ni kwamba muziki utaendelea kucheza mezani hadi uusimamishe mwenyewe. Swichi hiyo haigusi kihisi cha kifuniko. Tatizo la kasha litabaki kama lilivyo.

Kwa anayenunua leo: dukani vaa, washa wimbo, tafuna bigijii, kisha toa upande mmoja na uuweke kiganjani kidirisha kikiwa juu. Muziki usimame ndani ya sekunde moja au mbili. Funika kidirisha kwa kidole, uendelee. Fanya hivyo pande zote mbili, na uulize kama waranti inahesabu kihisi, kwa sababu wengine hukubali kubadilisha spika isiyotoa sauti tu.