Uzoefu wangu: leseni moja, laptopu mbili, na barua niliyomwandikia muuzaji

Mimi ni mfasiri wa kujitegemea, Kiingereza na Kiswahili, nafanyia kazi nyumbani Tabata. Kwa miaka sita nimetumia programu moja ya kufasiria, ya aina ile inayokata matini sentensi kwa sentensi na kukuletea tafsiri zako za zamani kutoka kwenye kumbukumbu. Kwa kazi yenyewe sina lawama nayo. Ninachotaka kueleza hapa ni leseni yake, kwa sababu hapo ndipo nilipokwama, na wenzangu wengi wananiuliza jambo hilohilo.

Laptopu yangu ya nyumbani ni kubwa na betri yake imechoka, haitoki mezani. Mwaka jana nikanunua nyingine nyepesi, maana mara kadhaa kwa mwaka naitwa Arusha au Dodoma kwenye mikutano, na huko hati za kesho huletwa saa nne usiku. Niliweka programu kwenye ile mpya, nikaingiza namba ya leseni, ikakubali. Siku ya tatu nikafungua ile ya nyumbani. Ikaniambia leseni inatumika kwenye kompyuta nyingine, na faili likafunguka kwa kusomwa tu. Nilikuwa naona sentensi zangu zote za mwongozo wa chanjo, kurasa 40 za kukabidhi asubuhi, na siwezi kugusa hata koma.

Usiku ule niliuokoa kwa kumalizia kwenye ile ndogo. Kesho yake nikakaa na mkataba wa leseni. Kifungu kimoja kinasema leseni ni ya mtumiaji mmoja. Kingine, mbele kidogo, kinasema ni ya kompyuta moja. Ni kazi yangu kusoma mikataba, na nakiri kwamba vifungu hivyo viwili havikunipa jibu. Tatizo ni kwamba mkataba unachanganya mambo matatu: kuweka programu kwenye mashine, kuwasha leseni, na kuitumia. Unaweza kuruhusiwa kuweka popote lakini kuwasha mahali pamoja tu. Unaweza pia kuruhusiwa kuwasha pawili ila usitumie pote kwa wakati mmoja. Adobe, kwa mfano, kwa muda mrefu wamewapa wateja wao binafsi utaratibu huo. Ukiuliza tu "naruhusiwa laptopu mbili?" utajibiwa ndiyo au hapana, na hutajua ni ndiyo ya jambo gani.

Kwa hiyo niliandika barua, kwa Kiingereza, nikaituma kwa barua pepe. Kwa Kiswahili ilikuwa hivi:

"Ndugu Mhusika,

Nina leseni moja ya mfasiri wa kujitegemea, niliyoinunua kwenu kwa jina langu. Namba ya ankara na toleo la programu nimeviandika hapo juu. Nina laptopu mbili, zote mali yangu: moja ya mezani, moja ya safari. Ni mimi peke yangu ninayezitumia, na sifanyi kazi kwenye zote mbili kwa wakati mmoja.

Naomba kujua: naruhusiwa kuweka programu kwenye zote mbili? Leseni yangu inaweza kuwashwa kwenye mashine ngapi kwa wakati mmoja? Nikibadilisha diski au kuweka Windows upya, mfumo wenu utaihesabu kuwa mashine mpya? Na mashine ikifa kabla sijaizima leseni, naipataje tena?

Mwisho, mdogo wangu hunisaidia kuhakiki. Je, anaweza kufungua programu kwenye laptopu ya pili wakati mimi sipo?

Naomba jibu la maandishi ili nilihifadhi pamoja na mkataba."

Swali la mdogo wangu nililiweka kwa makusudi, ingawa nilijua linaweza kuniletea hapana. Nisingependa kusema natumia peke yangu kisha siku moja nikaulizwa.

Jibu lilichukua siku nne za kazi, likatoka kwa mtu, si ule ujumbe wa kujituma wenyewe. Kuweka: ndiyo, kwenye zote mbili. Kuwasha: moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo lazima nizime huku kabla ya kuwasha kule, na pote panahitaji intaneti kwa dakika chache. Baada ya hapo naweza kufanya kazi bila mtandao. Diski mpya au Windows mpya ni mashine mpya, kwa sababu programu huitambua kompyuta kwa alama za vifaa vyake pamoja na mfumo ulio ndani. Mashine ikifa, wao huiachia leseni upande wao, mara mbili ndani ya miezi 12. Mdogo wangu: hapana, anahitaji leseni yake.

Hilo la mwisho nalikubali. Yeye sasa anatumia OmegaT, ambayo ni ya bure na inaendeshwa kwenye Windows, macOS na Linux. Tunapeana kumbukumbu kwa faili la TMX, ambalo programu zote mbili zinalisoma. Mpangilio wa maandishi, kama herufi nzito na viungo, wakati mwingine hauji sawasawa, lakini sentensi zinakuja.

Utaratibu wa kuzima na kuwasha una adabu yake. Siku ya kuondoka, kabla ya kufunga begi, nafungua programu nyumbani, naingia sehemu ya leseni, naizima, nasubiri ithibitishe, ndipo naiwasha kwenye ile ndogo nikiwa bado kwenye mtandao wa nyumbani. Safari moja nilisahau. Nimeshafika Dodoma, nikampigia binti yangu aizime kule nyumbani.

"Mama, imeniandikia hakuna mtandao," akasema.

Umeme ulikuwa umekatika Tabata, na ile laptopu betri yake haiwezi hata dakika kumi. Nikasubiri mpaka saa mbili usiku uliporudi. Kuzima kunatakiwa kufanyike kwenye mashine yenyewe. Hakuna ukurasa wa akaunti ambapo mteja anaweza kuizima kutoka mbali. Kwa watu wa miji yenye umeme wa kukatika, huo ni upungufu mkubwa, na nimewaandikia hivyo.

Jambo jingine la kuangalia: leseni kuhama hakuhamishi kumbukumbu. Niliwahi kuiweka kwenye folda ya mtandaoni ili laptopu zote mbili ziione, nikaiacha wazi nyumbani huku nikiifungua safarini kwa kusoma. Kumbukumbu ni hifadhidata, inaandikwa kila unapothibitisha sentensi. Nikakuta mafaili mawili yenye jina moja, la pili likiwa na maneno ya nakala inayogongana, na sentensi za siku nzima ziko kwenye moja tu. Sasa nafunga programu kwanza, nainakili kumbukumbu kwenye flashi, ndipo naondoka.

Mwezi uliopita diski ya laptopu kubwa ilikufa, leseni ikiwa imewashwa humo. Kwenye ile ndogo nikapata ujumbe uleule wa kompyuta nyingine. Nilijibu ile barua pepe yao ya zamani, juu ya maneno yao wenyewe kuhusu mashine iliyokufa, nikaambatisha stakabadhi ya fundi. Niliituma saa tatu asubuhi. Saa tisa alasiri leseni ilikuwa imeachiwa, na imebaki mara moja mpaka mwakani.