Templeti ya duka la mtandaoni, baada ya miezi minane: nyota tatu

Nauza vipuri vya cherehani hapa Mombasa: sindano, mikanda, bobini, miguu ya kushonea zipu. Templeti ya duka niliinunua ikiwa tayari, na kwa sura sina neno. Picha zinafunguka haraka hata kwenye simu ndogo. Nyota mbili nimezikata kwa sababu ya maneno inayomwambia mteja pale jambo linapokwama.

Kubwa zaidi lilikuwa kwenye malipo. Lolote litokee, mteja alisoma sentensi moja: "Malipo yameshindikana. Jaribu tena." Siku moja mama mmoja wa Likoni alinipigia: "Dada, nimelipa au sijalipa?" Alikuwa ananunua mkanda wa shilingi 350, na aliogopa kubonyeza tena asije akakatwa mara mbili. Nilipomwonyesha fundi wangu kumbukumbu za mfumo, akanieleza kwamba M-Pesa huwa inarudisha sababu kwa namba. 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mteja kaghairi mwenyewe, 1037 ni simu haikufikiwa au mteja hakujibu kwa wakati, na 2001 ni namba ya siri iliyokosewa. Templeti ilikuwa inazipokea zote kisha inazifunika kwa sentensi ile moja.

Sasa kila namba ina maneno yake. Kwa 1037 tunaandika: "Simu yako haikujibu ombi la malipo. Hakikisha imewaka na ina mtandao, kisha bonyeza Tuma ombi tena. Vitu vyako bado vimo kapuni." Sentensi ya mwisho ilibidi tuifanye iwe kweli kwanza, maana zamani kapu lilikuwa linafutika malipo yakikwama, na mteja anaanza kutafuta upya.

Kuna hali moja tuliyoitenga: jibu la M-Pesa lisipofika kabisa. Hapo kumwambia mtu ajaribu tena ni hatari, kwa kuwa huenda pesa zimeshatoka. Duka linauliza kwanza hali ya ombi lile, na mteja anasoma: "Tunahakiki malipo yako. Usilipe tena kwa sasa." Chini yake kuna namba ya oda na kitufe cha WhatsApp.

Namba ya simu nayo ilikuwa kero. Mfumo wa malipo unataka namba ianze na 254 bila alama ya kujumlisha wala nafasi, lakini nani huandika namba yake hivyo? Mtu akiandika 07 anaambiwa "Namba si sahihi", na namba ni yake ya miaka kumi! Tukaacha kumsahihisha mteja. Duka lenyewe linaondoa nafasi na kugeuza 0 ya mwanzo kuwa 254.

Kwenye utafutaji, ukiandika "cherahani" ulikuwa unapata ukurasa mweupe wenye "Hakuna matokeo", kwa sababu mimi nimeandika "cherehani". Nikaongeza tahajia zote mbili, na ukurasa huo mtupu sasa unarudia neno aliloandika mteja, unaonyesha aina za vipuri nilizonazo na kumwomba atume picha ya kipuri anachotaka. Templeti ilitaka nijaze hapo "bidhaa maarufu". Nilijaribu, nikatoa. Anayetafuta mguu wa zipu hahitaji kuonyeshwa mkasi.

Kurasa zilizokufa, kosa lilikuwa langu. Bidhaa ikiisha nilikuwa naifuta, ilhali linki zake bado zinazunguka kwenye magrupu ya mafundi. Siku hizi siifuti: ukurasa unabaki na neno "Imeisha", pamoja na kipuri kinachoweza kukaa mahali pake, kama kipo. Nikiacha kabisa kuuza kitu na kuna mbadala wa kweli, naielekeza linki ya zamani kwenye huo mbadala kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu. Ushauri wa muuzaji wa templeti ulikuwa kurusha linki zote zilizokufa kwenye ukurasa wa mwanzo. Usiufuate. Mteja anajikuta mlangoni bila kujua kilichotokea, na Google huenda ikazihesabu kurasa hizo kuwa hazipo vilevile.

Kama unaitumia templeti hii, jaribu kufungua anwani ya uongo kwenye duka lako kwa amri hii:

```
curl -I https://duka-lako/haipo
```

Mstari wa kwanza uwe na 404, yaani ukurasa haupo. Kwangu ulikuja na 200, yaani ukurasa upo, maana yake ukurasa ulimwambia mtu "haupo" huku ukiiambia mitambo ya utafutaji kwamba upo. Fundi alirekebisha siku hiyohiyo. Muuzaji nilimwandikia kuhusu hili na kuhusu namba za M-Pesa. La kwanza kalirekebisha kwenye toleo jipya, la pili bado.