TAHADHARI kwa wenye ndugu Ujerumani: duka linajiita la Hamburg, mzigo unatoka China

Ndugu zangu wa Mwanza, hasa wenye dada, kaka au watoto kule Ujerumani, someni hili kabla hamjalipia zawadi mtandaoni. Mimi nimeshaliwa, na bado nahangaika kurudishiwa pesa.

Mdogo wangu wa kike anaishi Hamburg na mumewe. Walijaliwa mtoto, na ubatizo ukapangwa. Nilipopata habari zilikuwa zimebaki siku 20. Vitenge vya Makoroboi vipo na mama alikuwa ameshachagua doti mbili, lakini nikihesabu safari ya kifurushi kutoka hapa, nikaona hazitoshi. Basi ninunue huko huko, duka la kule lipeleke mlangoni kwake. Wazo lenyewe si baya, na nimelirudia baadaye likafanya kazi. Shida ilikuwa duka nililolipata.

Lilinijia kama tangazo kwenye simu. Mama na binti yake, eti wameuza vitu vya watoto miaka 26, sasa wanafunga duka, kila kitu kimeshushwa bei. Jina la duka lilikuwa na neno Hamburg ndani yake na anwani ya tovuti iliishia na .de. Nikasema hapa hapa, kumbe .de inaweza kusajiliwa na mtu aliye nchi yoyote. Boksi la mtoto lilikuwa yuro 89, zaidi ya laki mbili na nusu zetu: blanketi la sufu ya kondoo, kofia, na kayamba dogo la mbao. Kufika, siku 2 hadi 4 za kazi. Nikalipa Jumatatu usiku kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu.

Siku ya sita ikaja namba ya kufuatilia mzigo. Hapa ndipo ningetakiwa kushtuka. Ilikuwa na herufi mbili, tarakimu tisa, kisha CN. Namba za posta za kimataifa zenye mpangilio huo humalizia na herufi za nchi ulikoanzia mzigo: wa kwetu unamalizia TZ, wa Ujerumani DE. CN ni China. Nikawaandikia, wakajibu kwa upole sana kwamba mzigo uko njiani. Kweli ulikuwa njiani, ila njia ilianzia Asia. Ubatizo ukapita, kifurushi kikafika siku ya 32.

Tena hakikufika bure. Tangu tarehe 1 Julai 2021, bidhaa ya biashara inayoingia Umoja wa Ulaya hutozwa kodi ya ongezeko la thamani hata ikiwa ya yuro chache. Muuzaji mwaminifu wa nje, kwa mzigo usiozidi yuro 150, anaweza kujisajili akaikusanya wewe unapolipa, na mpokeaji hadaiwi kitu. Huyu hakufanya hivyo. Ujerumani kiwango cha kawaida ni asilimia 19, kwa hiyo kwenye yuro 89 dada akadaiwa yuro 16.91, juu yake ada ya kampuni iliyomlipia kodi forodhani. Zawadi ikageuka deni. Na msidanganyike na maneno ya "tutaandika ni zawadi". Msamaha wa zawadi upo, hadi yuro 45, lakini ni wa mtu binafsi kumtumia mtu binafsi bila malipo. Duka likituma bidhaa iliyolipiwa, hiyo ni biashara.

Lakini kuna kosa langu pia, nisilifiche. Sehemu ya jina la mpokeaji niliandika jina la dada kwa ubini wetu wa nyumbani. Majengo mengi ya Ujerumani hayana namba za vyumba. Mleta mizigo anasoma majina kwenye kengele na sanduku la barua. Kengele ya kwao imeandikwa ubini wa shemeji tu. Akazunguka, jina hakuliona, mzigo ukaenda kuwekwa ofisini. DHL ya kule hutunza mzigo ofisini siku 7 za kazi, kisha unarudishwa ulikotoka. Ujumbe wa kwamba upo ofisini ulikuja kwenye barua pepe yangu, si ya dada, ukajificha kwenye folda ya takataka nikauona siku ya nne. Bahati yake pasipoti bado ina ubini wa baba, maana pale wanadai kitambulisho chenye jina lile lile. Ningekuwa nimeandika "Mama fulani" kama tunavyoitana hapa Nyakato, mzigo ungekuwa umerudi zake.

Alipofungua akanipigia kwa video. Sufu ya kondoo ilikuwa plastiki tupu. Lebo ya pembeni imeandikwa poliesta asilimia 100. Kayamba halikuwa la mbao. Alicheka, lakini nilimjua kicheko chake.

Nilipodai, mchezo wao ukaonekana. Kwanza wakasema tubaki na mzigo, wanirudishie asilimia 20. Nikakataa, wakapanda hadi 35. Nikataka kurudisha mzigo wote, wakatoa anwani ya ghala China, nauli juu yangu. Nauli ya kurudisha ingekula karibu bei yote, na ndiyo mahesabu yao: uchoke, upokee vijisenti, unyamaze.

Msipokee. Ukishakubali asilimia yao, watasema mmeshamalizana. Kwa aliyelipa kwa kadi, nenda kwa waliotoa kadi ukaupinge muamala, ukisema bidhaa si ile iliyotangazwa. Visa wanaweka siku 120, lakini kimbia mapema kwa sababu waliotoa kadi nao wana muda wao wa kushughulikia. Mimi nimepeleka picha ya lebo, picha ya ukurasa wa duka uliosema sufu na siku 2 hadi 4, na barua pepe zote. Ukurasa kama ule upigwe picha siku ya kununua. Nilivyorudi baadaye maneno "sufu ya kondoo" yalikuwa yameshabadilishwa. Niliokolewa na picha niliyokuwa nimemtumia mama kumwonyesha.

Kuwatambua kumbe hakuhitaji hata kujua Kijerumani. Sheria ya Ujerumani inalazimisha kila duka la mtandaoni kuwa na ukurasa unaoitwa Impressum, kwa kawaida chini kabisa, wenye jina la mwenye biashara na anwani ya mtaa. Lile la kwangu lilikuwa na barua pepe tu. Kisha fungua masharti ya kurudisha bidhaa. Duka halisi linaandika mzigo urudishwe wapi. Hawa waliandika "wasiliana nasi upewe anwani", na chini zaidi, kwa maandishi madogo, kwamba mteja ndiye mwagizaji na ushuru ni wake. Yote hayo yalikuwepo siku ile. Sikusoma.

Mwezi uliopita nimetuma tena, duka lenye Impressum kamili. Safari hii nilimwambia dada anipigie picha ya kengele ya mlango, nikaandika jina lake, mstari wa pili c/o na ubini wa shemeji, msimbo wa posta wa tarakimu tano, na barua pepe yake yeye. Niliagiza Jumatatu, Alhamisi mtoto ameshavishwa.

Wale wengine nao wapo bado. Juzi nimeliona tangazo lao, jina sasa lina neno Munich, miaka imekuwa 31, na blanketi ni lile lile la rangi ya maziwa lililotandikwa kwenye kiti cha ukindu.