Uzoefu wangu na fomu ya kupimia wahudumu wa simu: alama 80 kwa tatizo ambalo halikutatuliwa

Fomu ninayoieleza hapa ilikuja pamoja na programu ya kurekodi simu ambayo ofisi yetu ya Arusha iliinunua kwa ajili ya kituo cha huduma kwa wateja. Tunahudumia watu wanaotumia umeme wa sola wa kulipia kidogo kidogo, wengi wao wakiwa vijijini, kuanzia Karatu na Monduli hadi Rombo na Same, na kazi yangu ni kusikiliza simu zilizorekodiwa na kuwapa wahudumu alama. Nimeitumia fomu hiyo jinsi ilivyokuja, kisha nimeitumia baada ya kuibadilisha, na maoni yangu juu ya hali hizo mbili yanatofautiana sana.

Fomu ya awali ilikuwa na alama 100 zilizogawanywa katika sehemu tatu: ukarimu alama 40, usahihi wa taarifa alama 35, na utatuzi wa tatizo alama 25. Mhudumu aliyefikisha 80 alihesabiwa amefaulu. Nilipoisoma mara ya kwanza sikuona ubaya wowote, kwa kuwa mambo yote matatu yalikuwamo. Kasoro yake ilijitokeza pale nilipoanza kufuatilia wateja waliopiga tena.

Chukua simu moja ya mama wa Rombo. Alikuwa amelipa asubuhi kwa simu yake, lakini tokeni ya kuwashia taa haikuja. Mhudumu alipokea kwa salamu nzuri, akajitambulisha, akamthibitisha mteja kwa jina na namba ya simu, akampa pole, akafungua akaunti yake na kukuta hakuna malipo mapya. Akamweleza kwa upole kwamba wakati mwingine malipo huchelewa kuingia, hivyo asubiri saa 24. Akamuuliza kama ana swali jingine, akamshukuru na kuaga. Ukiisikiliza harakaharaka, ni simu ambayo ungependa wahudumu wapya waisikilize darasani.

Hata hivyo, kwenye dakika ya 1 na sekunde 52 mama yule anasikika akianza kusoma ujumbe wa malipo: "Hapa meseji inasema imekwenda kwenye akaunti..." Mhudumu anamkatiza kwa sauti tamu kabisa, "Usijali mama, itaingia tu." Jibu la tatizo lilikuwa ndani ya ujumbe ule. Namba ya akaunti iliyoandikwa humo ilikuwa imegeuzwa tarakimu mbili, na fedha zilikuwa zimekwenda kwenye akaunti ya mteja mwingine. Angesubiri saa 24 au mwezi mzima, malipo yale yasingeingia yenyewe. Mama alipiga tena, akaambiwa vilevile, na alipopiga mara nyingine ndipo mhudumu mwingine alipomwomba amsomee ujumbe wote, akalinganisha namba ile na iliyobandikwa kwenye boksi la sola, kisha akapeleka namba ya muamala kwa watu wa fedha ili malipo yahamishwe.

Sasa tazama alama za ile simu ya kwanza. Ukarimu alipata 40 kati ya 40. Kwenye usahihi alipata 25 kati ya 35, kwa sababu uthibitisho wa mteja ulikuwa kamili, maelezo ya kusubiri saa 24 yalikuwa kweli kwa sehemu, na kumbukumbu aliyoandika kwenye mfumo ilikuwa fupi mno. Kwenye utatuzi alipata 15 kati ya 25: kumi kwa kutoa hatua inayofuata, tano kwa kuuliza kama kuna swali jingine, na sifuri kwenye kipengele cha tatizo kumalizika. Jumla ni 80, yaani amefaulu. Nilipomwita tuisikilize pamoja, alinitazama kwa mshangao halisi: "Kaka, fomu imenipa themanini. Mimi nilijua nimefanya sawa." Sikuweza kumlaumu, maana fomu ndiyo iliyomwambia hivyo.

Kinachotokea hapa ni kwamba jumla moja huruhusu sehemu iliyo rahisi kupata alama kufunika sehemu ngumu. Salamu, jina na kuaga ni mambo ambayo mhudumu yeyote aliyezoea kazi huyapata bila jasho, na yalikuwa yamepewa uzito mkubwa kuliko mengine yote. Kupunguza uzito wa ukarimu pekee kusingetosha, kwa sababu jumla ingebaki jumla. Tulichofanya ni kuacha kabisa kujumlisha sehemu hizo tatu. Simu ile sasa ingesomeka hivi: ukarimu asilimia 100, usahihi asilimia 71, utatuzi asilimia 60, na msimamizi angejua mara moja pa kushika.

Pia tuliweka makosa mazito nje ya alama. Tulichagua matatu tu: kutoa taarifa za akaunti kabla ya kumthibitisha mteja, kutoa maelezo yasiyo sahihi yanayomgharimu mteja fedha, na kufunga suala bila kutafuta chanzo chake. Fomu ya muuzaji ilikuwa na kitufe cha kuifanya simu nzima iwe sifuri kosa zito likitokea, na vituo vingi hupenda utaratibu huo. Mimi siupendi. Sifuri hufuta kila kitu kizuri alichofanya mhudumu, na mkaguzi mwenye huruma huanza kusita kuweka alama ya kosa zito kwa kuwa anajua itamharibia mwenzake mwezi mzima. Tunaliandika kosa peke yake, pamoja na dakika na sekunde lilipotokea, na alama nyingine zinabaki zilivyo. Kile kipengele cha kuandika dakika na sekunde, kusema kweli, ndicho kitu bora kuliko vyote katika programu hii. Ubishi wa "sikusema hivyo" umekwisha, kwa kuwa unabonyeza na sauti inaanzia palepale.

Sehemu ya utatuzi ndiyo tuliyoiandika upya zaidi. Badala ya kuuliza kama mhudumu "alitatua tatizo", jambo ambalo mkaguzi hawezi kulijua kwa kusikiliza tu, tunauliza mambo yanayosikika: je, aliuliza maswali ya kutafuta chanzo, je, chanzo kilibainika, je, alichukua hatua inayolingana na chanzo hicho, na je, alimwambia mteja nini kitafanyika, na lini. Kila swali lina jibu la Ndiyo, Hapana au Haihusiki. Kisha kuna swali moja linalojazwa baada ya siku 7, nalo ni kama suala hilohilo limerudi. Mwanzoni programu ilikuwa ikitafuta simu za kurudia kwa namba ya mpigaji, lakini vijijini watu huazima simu ya jirani, hivyo tunatafuta kwa namba ya akaunti ya mteja. Suala likirudi kwa sababu idara ya fedha ilichelewa kuhamisha malipo ilhali mhudumu alifanya yote yaliyompasa, tunaandika kwamba kikwazo kilikuwa nje yake, na alama yake haiguswi. Bila tofauti hiyo, fomu inamwadhibu mtu kwa kazi ya ofisi nyingine.

Kuhusu ukarimu, fomu ilidai mhudumu ataje jina la mteja mara tatu na aingie kwenye suala ndani ya sekunde 15. Kwa wateja wetu madai hayo yalizaa simu za ajabu, ambapo kijana wa miaka ishirini na kitu anamwita mzee wa Mwanga kwa jina lake kavukavu mara tatu, akiwa ameruka shikamoo ili asipoteze sekunde. Tuliyaondoa yote mawili. Sasa tunapima kama mhudumu alimwita mteja kwa heshima inayomstahili, kama alimwacha amalize maneno yake, na kama alimjulisha kabla ya kumsubirisha. Ungeona kwamba lile swali la kumwacha mteja amalize lingeikamata simu ya Rombo hata kabla ya kufika kwenye utatuzi.

Kipengele cha "sauti yenye uchangamfu" nacho kilituchosha. Kabla ya kutumia fomu yoyote kwa mishahara, wakaguzi wanapaswa kusikiliza simu ileile, kila mmoja atoe alama peke yake bila kusikia za wenzake, ndipo walinganishe. Katika vikao vyetu, karibu kila tofauti kubwa ilitoka kwenye kipengele hicho: mmoja anasikia utulivu, mwingine anasikia uchovu. Kipengele ambacho wakaguzi wawili wenye uzoefu hawakubaliani kwacho kinaeleza zaidi masikio ya mkaguzi kuliko kazi ya mhudumu, na tulikitoa.

Jambo ambalo fomu yoyote haiwezi kulirekebisha ni uchache wa simu. Tunasikiliza simu 5 za kila mhudumu kwa mwezi. Ikiwa nne zina alama 90 na moja ina 50, wastani unashuka hadi 82, yaani simu moja mbaya imeondoa alama 8. Kwa sababu hiyo napinga kuwapanga wahudumu kwa nafasi ya kwanza hadi ya mwisho kwa matokeo ya mwezi mmoja. Angalau tazama miezi mitatu kwa pamoja. Angalia pia namna programu inavyochagua simu hizo. Yetu, bila kuguswa, iliacha simu zote zilizo chini ya dakika 2, na humo ndimo zilimojificha simu ambazo mteja alikatiwa au aliambiwa "piga baadaye". Tulizima kichujio hicho.

Kwa anayetaka kuinunua, ajue kwamba kurekodi kunahitaji mteja ajulishwe mwanzoni mwa simu, na kwamba rekodi hizo zina majina na namba za watu, hivyo zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Programu inaruhusu kuweka mipaka ya nani asikilize, na mipangilio hiyo ni rahisi.

Kasoro iliyobaki ni moja, nayo inaudhi. Kwenye ripoti, jibu la Haihusiki linahesabiwa kama alama kamili, kwa hiyo mhudumu aliyepokea simu nyepesi huonekana hodari kuliko aliyepambana na simu ngumu. Muuzaji ameahidi kulirekebisha. Kwa sasa tunahamishia majibu kwenye Excel na kupiga hesabu ya kila sehemu wenyewe, tukiyaacha nje yale yasiyohusika:

```
=COUNTIF(C2:C5,"Ndiyo")/(COUNTIF(C2:C5,"Ndiyo")+COUNTIF(C2:C5,"Hapana"))
```

Maswali yote ya sehemu yakiwa Haihusiki, fomula hiyo italeta `#DIV/0!`. Tunaiacha ilivyo, kwa kuwa simu hiyo haina cha kupimwa katika sehemu hiyo.