Ununue nini kupimia kasi ya juu ya mkimbiaji: kutoka simu hadi rada

Kocha wa mbio fupi akitaka kujua kasi ya juu ya mkimbiaji wake, hampimi kutoka mstari wa kuanzia. Humwacha achanganye kwa mita 30 au zaidi, kisha humpima katika mita 30 zinazofuata tu, akiwa tayari amefungua mwendo. Unagawa 30 kwa muda uliopata: sekunde 3.00 ni mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa.

Hesabu ni nyepesi, ila kipande chenyewe ni kifupi mno. Kosa la sehemu moja ya kumi ya sekunde linamgeuza mkimbiaji wa mita 10 kwa sekunde kuwa wa 9.68 au wa 10.34, na hao ni wakimbiaji wa viwango tofauti kabisa. Kwa sababu hiyo nimevipanga vifaa kwa kuangalia ukubwa wa kosa lake kwanza, bei baadaye.

1. Simu yenye fremu 240 kwa sekunde, stendi na tepu ya mita 50

Kwa shule na klabu nyingi ningeanzia hapa. Fremu moja ni kama sekunde 0.004. Simika mti mwembamba mwanzoni mwa kipande na mwingine mwishoni, hesabu fremu kutoka nyonga ya mkimbiaji inapopita mti wa kwanza hadi inapopita wa pili, kisha gawa kwa 240. Fremu 720 ni sekunde 3.00. Ukikosea fremu mbili, kasi inabadilika kwa takriban mita 0.03 kwa sekunde tu.

Kinachoharibu kipimo cha simu ni mahali pa miti. Tuseme simu iko kwenye stendi, mita 30 kutoka njia ya mkimbiaji, ikitazama katikati ya kipande. Miti umeisimika mita moja mbele ya njia, upande wa simu, sawasawa kwenye alama ya 0 na ya 30. Simu inaitazama kwa mshazari, kwa hiyo kati ya kuonekana akipita mti wa kwanza na wa pili, mkimbiaji atakuwa amekwenda mita 31.03. Yule wa mita 10 kwa sekunde atatumia sekunde 3.10, nawe utamwandikia 9.67. Nimewahi kumwambia kijana kwamba kasi yake imeshuka, kumbe miti ndiyo iliyosogea. Dawa yake ni kuingiza kila mti ndani kwa nusu mita, ili kati ya miti ibaki mita 29. Ukibadilisha umbali wa simu, hesabu upya.

Kabla ya kulipa, jaribu simu pale pale dukani. Rekodi mkono unaopunga kwa mwendo wa polepole, kisha pitisha fremu moja moja. Mkono ukiganda katika kila fremu ya pili, au ukionekana kama vivuli viwili vilivyopandana, simu inabuni fremu za kujazia na haikufai. Fremu 30 za video ya kawaida pia hazitoshi: kila fremu ni sekunde 0.033.

2. Geti za miali miwili

Klabu yenye fedha, na yenye wakimbiaji wengi wa kupima jioni moja, inunue hizi. Mkimbiaji anakata miali ya mwanga kwenye geti la mwanzo na la mwisho wa kipande, na muda unatoka papo hapo. Faida ya miali miwili ni kwamba saa haiitiki mpaka yote ikatwe pamoja, na mkono peke yake ni vigumu kufanya hivyo. Geti zote zifungwe kwa kimo kimoja, usawa wa nyonga.

3. Rada ya mkononi

Hii inasoma kasi yenyewe wakati wote wa mbio, kwa hiyo inaonyesha kilele hasa, wakati mita 30 zinakupa wastani, ambao huwa chini kidogo. Simama nyuma ya mkimbiaji, kwenye mstari wake; ukisimama pembeni itasoma kasi ndogo kuliko halisi. Bei yake ndiyo inayoishusha hadi hapa.

4. Geti za mwali mmoja

Ni nafuu kuliko za miali miwili, lakini mkono ukikata mwali wa geti la kwanza na kifua kikakata wa geti la pili, kuna pengo la sentimita 40 hivi. Kwa mita 10 kwa sekunde hiyo ni sekunde 0.04, na huenda ndilo badiliko lote ulilokuwa unalitafuta kwa msimu mzima. Ukizinunua, pima mara tatu, na umpumzishe mkimbiaji dakika kadhaa kila mara.

5. Stopwochi

Kwa mita 400 inatosha. Kwa kipande hiki jicho moja haliwezi kusimama sawa na mistari miwili iliyoachana mita 30, na kidole kinaongeza kosa lake.

Saa ya mkononi ya GPS sikuipa nafasi. Nyingi huandika mahali ulipo mara moja kwa sekunde, na kipande chote kinaisha kwa sekunde tatu.

Na chochote utakachonunua, usikate mita za kuchanganyia. Usain Bolt, Berlin mwaka 2009, alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, alikuwa na kasi kubwa zaidi kati ya mita 60 na 80: sekunde 1.61, yaani mita 12.4 kwa sekunde. Chipukizi hufika kileleni mapema zaidi, lakini ukimpa mita 15 tu za kuchanganya, bado anaongeza mwendo anapoingia kwenye kipande, na hata kifaa ghali kitakuonyesha kasi ndogo kuliko aliyo nayo.