Sukuk ya ijara na hisa za kuchuja mwenyewe: uzoefu wangu hapa Dodoma

Nina sukuk ya benki moja, yaani cheti cha uwekezaji kinachofuata Sharia badala ya riba, na hisa chache za kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Vyote nimevikalia muda wa kutosha kuweza kusema nimeona nini. Sukuk nimeipenda. Huduma ya dawati imenichosha. Na kuchuja hisa, yaani kutenga za halali na zisizo halali, ni kazi yako mwenyewe, hakuna atakayekufanyia kwa makini. Benki na dalali wangu siwataji, kwa sababu malalamiko yangu ni ya tawi na watu wawili watatu.

Mimi ni mhasibu wa kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, Kizota, kwa hiyo hesabu za kampuni hazinitishi. Kilichonisukuma ni shemeji yangu. Nilipomwambia nataka kununua sukuk alicheka akasema, "Hiyo ni riba imevaa kanzu, shemeji." Ni shaka ya haki kabisa. Faida inatajwa kwa asilimia, inaingia kila nusu mwaka, na mwisho wa muda mtaji unarudi wote. Hati fungani ya kawaida nayo iko hivyohivyo. Nikamuuliza kijana wa dawatini tofauti ni nini, akanijibu, "Dada, ni kama hati fungani tu, ila haina riba." Jibu la namna hiyo linamfukuza mteja. Ikabidi niombe waraka wa matarajio, ule unaoeleza masharti yote ya toleo, nikausome mwenyewe nyumbani.

Humo ndimo jibu lilipokuwa. Sukuk yangu ni ya ijara, yaani pango. Benki ina jengo la ofisi. Iliunda kampuni maalumu ambayo kazi yake ni moja tu, kulishika jengo hilo kwa niaba yetu sisi tulionunua vyeti. Pesa zetu, shilingi bilioni 20 kwa ujumla, ndizo zilizolinunua jengo. Kisha kampuni ile ikalikodisha jengo kwa benki kwa miaka 5, kwa pango la shilingi bilioni 2.2 kwa mwaka. Mimi niliweka milioni 5, ambayo ni fungu moja kati ya mafungu 4,000. Gawanya bilioni 2.2 kwa 4,000 unapata shilingi 550,000 kwa mwaka, na kila nusu mwaka zinaingia 275,000. Tangazo liliandika "asilimia 11", na asilimia hiyo ndiyo iliyomchefua shemeji, lakini ndani ya mkataba hakuna mkopo unaozaa. Kuna jengo, kuna mpangaji, kuna pango. Ukiwa na vyumba unapangisha wanafunzi wa UDOM, biashara ni hiyohiyo, ila hapa chumba kimoja mnamiliki watu wengi.

Sasa, mtu makini atauliza: kama ni pango kweli, mbona kiwango chake kinakaribiana na cha hati fungani za serikali? Kwa sababu kilipangwa kwa kuangalia huko, na hilo waraka haukuficha. Wanazuoni wengi wanakubali kwamba bei ya kitu halali inaweza kupimwa kwa kuangalia soko la jirani. Wanachokagua ni mkataba wenyewe, na mkataba unapimwa mambo yanapoharibika. Jengo likiungua likawa halikaliki, pango linasimama, kwa kuwa huwezi kumdai mpangaji pango la nyumba isiyokuwepo. Hasara ni ya mwenye jengo, ndiyo maana waraka unadai liwe na takaful, yaani bima ya Kiislamu. Mkopo wa riba haujali kama jengo limeungua. Jambo la pili ni kuchelewa: benki ikichelewesha pango hutozwa adhabu, lakini fedha hiyo inakwenda kwenye sadaka, mimi siigusi. Vipengele hivi viwili ndivyo nilivyomsomea shemeji. Hakunikubalia moja kwa moja, ila ule msemo wa kanzu aliuacha.

Sehemu ambayo mimi mwenyewe ilinipa mashaka ni kurudishiwa mtaji. Benki imeahidi kulinunua jengo mwisho wa miaka 5 kwa bei ileile iliyotuuzia. AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, ilitoa tamko mwaka 2008 kwamba ahadi kama hiyo haifai kwenye sukuk za mudharaba na musharaka. Kule watu wameingia ubia, na ubia ambao mtaji wake umehakikishiwa tangu mwanzo umegeuka mkopo. Kwenye ijara mpangaji anaruhusiwa kuahidi kununua kwa bei ya awali, ila asiwe yeye huyohuyo mbia au wakala wa uwekezaji wa wenye vyeti. Kwa hiyo aina ya mkataba ni jambo la kwanza la kutazama. Na ukikutana na sukuk ya murabaha, jua kwamba cheti chako ni deni la bidhaa iliyokwisha kuuzwa. Kwa viwango vya AAOIFI deni haliuzwi sokoni kwa faida, kwa hiyo utalishika hadi mwisho.

Kuna kikomo kingine ambacho dawatini hawakitaji. Ingawa kwenye karatasi jengo ni letu, benki ikishindwa kulipa hatuwezi kuliuza kwa mtu mwingine. Tunachoweza ni kuidai benki itimize ahadi yake ya kununua. Sukuk nyingi duniani ziko hivi, kwa hiyo unayemtegemea ni mtoaji, zaidi ya jengo. Kampuni ya gesi ya Dana Gas ya Falme za Kiarabu mwaka 2017 ilisema sukuk yake yenyewe ya mudharaba, ya dola milioni 700, haiendani na Sharia na hivyo haiwezi kuilipa. Kesi ikafika Uingereza, kwa kuwa ahadi ya kununua iliandikwa chini ya sheria ya huko, na mahakama ikasema ahadi ni halali. Mwisho kampuni na wenye vyeti wakakubaliana upya mwaka 2018. Tangu nisome habari ile, ukurasa unaosema mgogoro utaamuliwa kwa sheria ya nchi gani huwa nautafuta mapema. Ya kwangu ni sheria ya Tanzania.

Sukuk hapa kwetu si ngeni tena: benki ya KCB walitoa yao mwaka 2022, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikafuata mwaka 2025. Kununua nako si kugumu. Unafungua akaunti ya CDS, ile inayotunza hisa na hati zako kielektroniki, kupitia dalali, unajaza fomu, unalipa. Mimi niliomba malipo ya pango yaingie kwenye akaunti yangu ya dirisha la Kiislamu. Mara ya kwanza tawi liliyaingiza kwenye akaunti ya akiba yenye riba, na kuyahamisha kukachukua barua na safari za kutosha. Walinyoosha, ila hakuna aliyeomba radhi.

Hisa ni habari nyingine. Wakati sukuk imekaguliwa na bodi ya Sharia kabla hujaiona, kwenye hisa wa kukagua ni wewe. Chujio la kwanza ni biashara yenyewe. Kwenye soko letu linakata haraka: bia inatoka, sigara inatoka, na benki za kawaida kama CRDB na NMB zinatoka pia, kwa sababu riba ndiyo biashara yao kuu. Hapa Dodoma mfano uko shambani: kampuni inayokausha zabibu inapita, inayotengeneza mvinyo haipiti, hata kama zabibu ni za mkulima mmoja.

Zinazobaki zinaingia chujio la hesabu. Viwango vya AAOIFI ni vitatu: mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, amana zenye riba nazo zisizidi asilimia 30, na mapato yasiyo halali yasizidi asilimia 5 ya mapato yote. Nitumie mfano wenye namba za kubuni zilizo rahisi. Kampuni ya vifaa vya ujenzi ina hisa milioni 100, kila moja shilingi 4,000, kwa hiyo sokoni ina thamani ya bilioni 400. Ina mikopo ya riba ya bilioni 90, sawa na asilimia 22.5. Amana benki ni bilioni 50, asilimia 12.5. Mapato yote ni bilioni 300, na riba waliyopokea ndani yake ni bilioni 3, asilimia 1. Imepita.

Subiri bei ishuke hadi 2,800. Kampuni haijakopa hata senti zaidi, lakini thamani yake sokoni sasa ni bilioni 280, na mikopo ileile imekuwa asilimia 32. Imefeli. Ndiyo maana faharasa ya Dow Jones ya Kiislamu hutumia wastani wa thamani ya miezi 24, na faharasa ya Kiislamu ya MSCI hugawanya kwa mali zote za kampuni badala ya bei ya sokoni, kila mmoja na kikomo cha karibu theluthi moja. Kwa soko letu, ambako hisa inaweza kukaa siku nyingi bila kuuzwa hata moja, naona njia ya mali ina utulivu zaidi. Mimi napiga hesabu kwa njia zote mbili. Hisa ikifeli njia moja siongezi nyingine, lakini sikimbilii kuuza nilizonazo.

Kisha kutakasa gawio, yaani kutoa sadaka ile sehemu iliyotokana na riba, na hapa ndipo dalali wangu aliponiangusha. Niliomba anipe kiasi cha kutoa, akasema, "Toa asilimia moja tu, dada, inatosha." Turudi kwenye mfano. Una hisa 2,000, gawio ni shilingi 250 kwa hisa, jumla 500,000, na kodi ya zuio ya asilimia 5 ikikatwa unabaki na 475,000. Asilimia moja ya gawio ni shilingi 5,000. Lakini AAOIFI wanasema gawanya riba yote iliyopokelewa kwa hisa zote: bilioni 3 kwa hisa milioni 100 ni shilingi 30 kwa hisa. Kwa hisa zako 2,000 ni shilingi 60,000. Tofauti ni mara 12, kwa sababu riba haina gharama za uzalishaji, inashuka karibu yote kwenye faida, wakati mauzo ya saruji na nondo yanaliwa njiani. Nilimwonyesha ustadh wetu hesabu zote mbili. Akasema njia ya asilimia nayo ina watu wanaoitumia, lakini mwenye uwezo wa kuhesabu ahesabu. Natoa ile kubwa. Kiasi cha riba unakikuta kwenye maelezo ya mwisho ya hesabu za mwaka, sehemu ya mapato ya fedha.

Nani namshauri anunue sukuk ya namna hii? Mwenye pesa asiyoihitaji hadi muda uishe. Ya ijara unaruhusiwa kuiuza kabla, kwa bei yoyote mtakayokubaliana, lakini mnunuzi hapatikani kirahisi. Nilimwomba dalali anijaribie kuuza sehemu ndogo, ofa iliyokuja ilikuwa chini ya bei niliyonunulia, nikaghairi. Wenzangu wa alizeti, pesa ya kununulia mzigo wa msimu msiiweke huko.