Nikon D7200 iliyotumika, Kisumu: alichoandika muuzaji na nilichokuta nilipoipima

Maelezo ya muuzaji yalikuwa mafupi, na kwa kweli ni bora kuliko mengi yanayotumwa hapa Kisumu: "Shata 48,000. Maunti ya F, haichezi. Sensa ina alama mbili, zinaonekana f/16. Fokasi, flashi, video na Wi-Fi zimepimwa. Kadi inasoma. Lenzi za zamani sijajaribu." Kamera ilikuja na lenzi ya 18-140mm. Nimeipima mstari kwa mstari, na kila neno lake lilikuwa kweli. Tatizo pekee nililolikuta lilijificha kwenye neno moja, nalo nitalifikia.

Nianze na shata, pazia linalofunguka na kufunga kila picha inapopigwa. Nikon huandika hesabu ya mara hizo ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha. Piga picha moja ya JPEG, iweke kama ilivyo kwenye laptopu yenye programu ya exiftool, kisha andika kwenye dirisha la amri:

```
exiftool -ShutterCount DSC_0412.JPG
```

Yangu ilitoa 48217. Picha lazima itoke moja kwa moja kwenye kadi. Ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida taarifa hizo hufutwa, na programu za kuhariri nazo mara nyingi huziacha nje. Namba ya faili si hesabu ya shata: DSC_0412 haimaanishi picha 412, maana ikifika 9999 huanza upya, na mtu anaweza kuirudisha mwanzo kwenye menyu wakati wowote. Nikon walipima shata ya D7200 kwa mizunguko 150,000, hivyo hii imetumia karibu theluthi moja. Hicho ni kipimo cha kiwandani, si tarehe ya kufa. Nyingine huvuka, nyingine hukatika mapema. Kumbuka pia kwamba saa za video hazionekani kwenye hesabu hii. Kamera iliyorekodi harusi nzima kila Jumamosi inaweza kuwa na namba ndogo na bado ikawa imechoka.

Namba peke yake haitoshi, lazima uione shata ikifanya kazi. Nilielekeza kamera kwenye ukuta mweupe uliopigwa na jua, nikaweka 1/8000, ISO 400, lenzi ikiwa wazi kabisa, nikapiga picha kumi mfululizo. Mwanga ulikuwa sawa kutoka juu hadi chini. Upande mmoja ukiwa na giza zaidi, pazia mbili za shata haziendi pamoja. Usifanye jaribio hili dukani chini ya taa za LED. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Picha itatoka na mistari na utailaumu shata isiyo na kosa.

Maunti, pale lenzi inapofungwa kwenye kamera: niliishika bodi, nikajaribu kuizungusha lenzi kushoto na kulia. Mchezo mdogo sana ni wa kawaida, lakini lenzi isining'inie wala kutoa mlio. Skrubu za pete ya chuma hazikuwa na alama za bisibisi, dalili kwamba haikufunguliwa ovyo. Kuhusu lenzi za zamani ambazo muuzaji hakuzijaribu, D7200 ina mota ya fokasi ndani ya bodi, na ncha yake inaonekana kama bisibisi ndogo pembezoni mwa maunti. Lenzi ya 18-140mm ina mota yake, kwa hiyo haiigusi ncha hiyo kamwe. Niliazima 50mm f/1.8D ili kuipima. Mwanzoni kamera ilionyesha fEE na kukataa kupiga. Huo si ubovu: pete ya apecha, tundu la kupitisha mwanga, kwenye lenzi lazima izungushwe hadi f/22 na kufungwa hapo. Baada ya hapo mota ilivuta fokasi kutoka karibu hadi mbali bila kukwama.

Sensa ndiyo iliyostahili muda. Niliweka apecha f/16, ISO 100, lenzi kwenye M na fokasi nje kabisa, nikapiga anga tupu la asubuhi huku nikiitikisa kamera kidogo ili kitu chochote cha nje kifutike. Kinachobaki kimekaa mahali pamoja ni alama ya sensa. Zilikuwepo mbili kama alivyosema: moja juu kushoto, nyingine karibu na katikati. Kwenye f/5.6 hazikuonekana kabisa, kwa sababu kitu kimekaa juu ya kioo kinachoifunika sensa, na apecha ikiwa wazi kivuli chake hutawanyika. Muuzaji akikutumia picha safi iliyopigwa f/4, hajakuonyesha kitu.

Ili kuzitafuta kwa macho, betri ikiwa imejaa, niliingia kwenye menyu nikachagua `Lock mirror up for cleaning`, nikamulika kwa tochi. Hapa wengi hukosea upande. Lenzi huipindua picha, hivyo doa la juu kushoto kwenye picha utalikuta chini kushoto unapoitazama sensa kutoka mbele. Nilipuliza kwa pampu ya mpira, kamera ikiwa imeelekezwa chini. Doa la kona likatoka, lilikuwa vumbi. La katikati lilibaki palepale, duara lenye ukingo mweusi na kitovu cheupe kiasi, ambalo ndilo umbo la tone la mafuta. Hilo linataka kijiti cha kusafishia sensa chenye upana wa sensa hii pamoja na dawa yake, kwa mkono wa fundi. Kama ingekuwa mstari mwembamba usiobadilika baada ya kusafisha, huo ungekuwa mkwaruzo, na bei ingepaswa kushuka sana. Nyuzi zenye matawi ni kuvu. Kwa hewa hii ya ziwani nilizitafuta kwa makini, kwenye lenzi pia. Hazikuwepo.

Sasa lile neno: "Kadi inasoma." Ni kadi moja, lakini D7200 ina nafasi mbili. Nilipoweka kadi kwenye nafasi ya pili, kamera haikuiona, hata nilipobadilisha kadi tatu ambazo nafasi ya kwanza ilizisoma vizuri. Naamini muuzaji hakujua. `Role played by card in Slot 2` hutoka kiwandani ikiwa kwenye `Overflow`, maana yake kadi ya pili haiguswi hadi ya kwanza ijae. Mtu anayetumia kadi moja kubwa anaweza kukaa na kamera hii miaka mingi bila kuugundua ubovu huo. Kuupima huchukua nusu dakika: weka `Backup`, piga picha moja, kisha toa kadi zote mbili uangalie kama picha ipo kwenye kila moja.

Fundi aliangalia ndani ya nafasi kwa kioo cha kukuza, akaona mguso mmoja wa shaba umelala. Kuubadilisha ni lazima bodi ifunguliwe. Nilimtumia muuzaji picha ya mguso huo, akarudisha shilingi 3,000 bila ubishi, na kwenye tangazo la bodi yake nyingine ameandika: "Nafasi ya kadi 1 inasoma na kuandika. Nafasi ya 2 inasoma na kuandika. Zimepimwa kwa Backup."